Riba ya Juni: mhazini aihakikije mwenyewe

Ndugu wenyeviti, ndugu wahazini, akina mama na akina baba mliofunga biashara zenu asubuhi hii ili kuja hapa: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwenu nyote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie riba ya akaunti ya akiba. Nimefanya kazi benki miaka mingi, kwanza kaunta, baadaye ofisi ya nyuma ambako mwisho wa mwezi ndiko mahesabu yanakofungwa. Sasa nimestaafu, na kikundi changu cha VICOBA kimenikabidhi uhazini. Kwa hiyo karatasi za riba nimezitazama nikiwa upande wa benki, na sasa nazitazama nikiwa upande wenu.

Kabla hatujaanza, mhazini mmoja amenionyesha stetimenti ya kikundi chake ya mwezi Juni. Ameniruhusu niitumie bila kutaja jina. Amekuja nayo imekunjwa ndani ya daftari, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Tumeibiwa." Naomba asubuhi yote tuitumie kuisoma karatasi hii moja, kwa sababu ukiielewa hii utaielewa na ya kwako.

Kikundi chake kilifunga Juni kikiwa na salio la shilingi 5,600,000. Ubao wa benki yao unasema kwamba kuanzia shilingi 5,000,000 riba ni asilimia 4 kwa mwaka. Mhazini akachukua simu, akazidisha 5,600,000 kwa asilimia 4, akagawa kwa miezi 12, akapata 18,666.67. Kwenye karatasi ameona imeingia 11,095.89, na mstari unaofuata zimetoka 1,109.59. Kilichobaki mkononi ni 9,986.30. Alitegemea karibu elfu kumi na tisa, akapata elfu kumi pungufu kidogo. Hasira yake naielewa kabisa.

Twende polepole tuone zilipopotelea, au kama kweli zimepotea.

Kwanza tuangalie ubao wenyewe. Benki hii imegawa viwango vya riba kwa madaraja. Neno daraja hapa lisiwachanganye na lile la Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, ambayo imeviweka vikundi vyetu daraja la nne. Hapa nazungumzia daraja la salio, yaani kiasi ulichonacho kiko kati ya wapi na wapi. Ubao wao unasomeka hivi: salio chini ya shilingi 1,000,000 linapata asilimia 2 kwa mwaka, kuanzia 1,000,000 lakini halijafika 5,000,000 linapata asilimia 3, kuanzia 5,000,000 na kuendelea linapata asilimia 4. Viwango vya namna hii ni vya kawaida. Takwimu za Benki Kuu za miaka ya karibuni zinaonyesha wastani wa riba ya akiba hapa nchini ukizunguka asilimia 2 hadi 3. Anayewaambia akaunti ya akiba ya kawaida inawapa asilimia 10, mwombeni awaonyeshe kwa maandishi.

Mnaposoma ubao kama huu, tazameni hasa mpakani. "Kuanzia 5,000,000" na "zaidi ya 5,000,000" si kitu kimoja. Kikundi chenye shilingi 5,000,000 kamili, kwa maneno ya kwanza kiko daraja la juu, kwa maneno ya pili bado kiko la kati. Vikundi vyetu vinapenda namba za mviringo, tunajikaza mpaka tufikishe milioni tano tuishangilie, kumbe pengine ilibaki shilingi moja ya kuvuka.

Sasa, yule mhazini alichukua salio la tarehe 30 akalifanya ndilo salio la mwezi mzima. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo, na nimeliona kwa wateja miaka yote niliyokaa kaunta. Salio la siku ya mwisho ni picha ya siku moja. Fungueni stetimenti tuone mwezi ulivyokwenda.

Tarehe 1 hadi 9 Juni akaunti ilikuwa na 5,200,000. Tarehe 10 kikundi kilitoa 700,000 kumkopesha mwanachama mmoja aliyetaka kuongeza mtaji wa duka, salio likashuka hadi 4,500,000. Likakaa hapo hadi tarehe 24. Tarehe 25, siku ya kikao, wanachama walinunua hisa na kurejesha mikopo, zikaingia 1,100,000, salio likawa 5,600,000 hadi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tuna siku 9 za kiasi cha kwanza, siku 15 za kiasi cha pili na siku 6 za kiasi cha tatu. Jumlisheni: 30. Msiruke hatua hii ya kuhesabu siku, maana zisipotimia idadi ya siku za mwezi, kila kitakachofuata kitakuwa kimekosewa.

Kuna benki zinazokokotoa riba kila siku kwa salio lililopo mahesabu ya siku yanapofungwa. Tufanye hesabu hiyo. Salio linazidishwa kwa kiwango cha mwaka, linagawanywa kwa siku 365, kisha linazidishwa kwa idadi ya siku. Shilingi 5,200,000 kwa asilimia 4 ni 208,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa 365 ni karibu shilingi 570 kwa siku. Kwa siku 9 ni 5,128.77. Shilingi 4,500,000 zimeshuka daraja, zinapata asilimia 3, yaani 135,000 kwa mwaka, karibu 370 kwa siku, na kwa siku 15 ni 5,547.95. Shilingi 5,600,000 zimerudi asilimia 4, yaani 224,000 kwa mwaka, na kwa siku 6 ni 3,682.19. Jumla ni 14,358.91.

Mnaona? Tayari tumetoka 18,666 hadi 14,358 bila mtu yeyote kuiba. Sehemu kubwa ni zile siku 15 za katikati, fedha zilipokuwa kwa mwanachama.

Lakini hata hesabu hii ina swali ndani yake, na naomba mlishike sana, kwa sababu ubao wa benki mara nyingi haulijibu. Je, salio likifika milioni 5, asilimia 4 inakwenda kwa shilingi zote, au inakwenda kwa zile tu zilizovuka milioni 5?

Hesabu niliyoifanya sasa hivi imechukua shilingi zote. Ukifika daraja la juu, salio zima linapanda pamoja nawe. Mimi huwa nafananisha na bei ya jumla sokoni: ukinunua gunia zima, kila kilo unaipata kwa bei ya gunia, pamoja na ile kilo ya kwanza.

Njia nyingine ni ya vipande. Milioni ya kwanza inapata asilimia 2 daima, hata uwe tajiri namna gani. Zinazofuata hadi kufika milioni 5 zinapata asilimia 3. Zile zilizozidi milioni 5 ndizo pekee zinazopata asilimia 4. Wale mlioajiriwa mnaijua hesabu hii kwenye kodi ya mshahara, inavyopanda kipande kwa kipande.

Tufanye siku 9 za kwanza kwa njia ya vipande. Kati ya 5,200,000, milioni 1 kwa asilimia 2 inazaa 20,000 kwa mwaka. Milioni 4 zinazofuata kwa asilimia 3 zinazaa 120,000. Zilizobaki 200,000 kwa asilimia 4 zinazaa 8,000. Jumla ni 148,000 kwa mwaka, wakati kwa njia ya kwanza tulipata 208,000. Tofauti ni 60,000 kwa mwaka, kwa ubao uleule, kwa salio lilelile. Ukiendelea hivyo hadi mwisho wa mwezi, riba ya Juni kwa vipande inakuwa 11,482.20.

Kwa maoni yangu, benki yoyote inayobandika madaraja ukutani ingepaswa kuandika chini yake, kwa herufi zilezile kubwa, kwamba riba ni ya salio lote au ya kipande. Mteja hawezi kulinganisha benki mbili bila kulijua hilo. Asilimia 4 ya vipande inaweza kukupa kidogo kuliko asilimia 3 ya salio lote ya benki jirani. Mfano tunao hapa hapa: 5,200,000 kwa vipande zimezaa 148,000 kwa mwaka, kwa asilimia 3 tupu ya salio lote zingezaa 156,000.

Sasa turudi kwenye karatasi ya mwenzetu. Yake inasema 11,095.89. Haifanani na 14,358.91, na haifanani na 11,482.20. Imekaribia hii ya pili, na mtu mwenye haraka angesema "basi ni vipande, tofauti ndogo hiyo." Hapana. Kompyuta ya benki haikaribii. Ukiipata njia yao kamili, namba yako itafanana na yao hadi senti, au itatofautiana kwa senti moja au mbili kwa sababu ya kuzungusha desimali. Ikitofautiana kwa shilingi 386, ama hujaipata njia, ama kuna kosa.

Nikamuuliza kama ana fomu ya masharti waliyosaini siku ya kufungua akaunti. Kwa bahati amekuja nayo ndani ya daftari hilohilo. Kwenye ukurasa wa pili pameandikwa kwamba riba itakokotolewa kwa salio la chini kabisa la mwezi na kuwekwa kwenye akaunti siku ya mwisho ya mwezi.

Salio la chini kabisa. Maana yake benki haitazami ulianza na ngapi wala ulimaliza na ngapi. Inatafuta siku moja ya mwezi ambayo salio lilikuwa dogo kuliko siku zote, na inalichukua hilo kana kwamba ndilo lililokuwepo siku zote 30. Kwa Juni ya kikundi hiki ni 4,500,000. Daraja lake ni asilimia 3. Tuzidishe: 135,000 kwa mwaka, tugawe kwa 365, tuzidishe kwa siku 30. Tunapata 11,095.89.

Ndiyo hiyo. Hadi senti. Hakuna aliyeibiwa. Na kwa namba hiyo tumepata pia jibu la lile swali letu la vipande: benki hii inatumia salio lote, kwa sababu kwa vipande 4,500,000 zingezaa 125,000 kwa mwaka na riba ya Juni ingekuwa 10,273.97.

Kuna benki nyingine zinazotumia wastani wa masalio ya siku zote za mwezi. Kwa kikundi hiki wastani huo ni 4,930,000, na kwa kuwa haujafika milioni 5, mwezi mzima ungekaa kwenye asilimia 3. Sitakaa sana hapo. Mkiiona kwenye masharti yenu mtajua cha kufanya: zidisha kila salio kwa siku zake, jumlisha, gawa kwa siku za mwezi.

Tuje kwenye mstari wa pili wa stetimenti, ule wa 1,109.59 zilizotoka. Hiyo ni kodi ya zuio. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, benki inakata asilimia 10 ya riba na kuipeleka TRA kabla haijakupa iliyobaki. Tazameni: asilimia 10 ya 11,095.89 ni 1,109.59. Inakatwa kwenye riba tu, akiba yenu haiguswi. Kwenye stetimenti mara nyingi inaandikwa `WHT`. Msiichanganye na ada ya mwezi ya kuendesha akaunti, ambayo nayo hupenda kutokea siku hizohizo za mwisho wa mwezi. Kodi ya zuio lazima iwe sehemu moja ya kumi ya riba iliyo mstari wa juu yake. Isipokuwa hivyo, kilichokatwa si kodi tu, ulizeni.

Benki nyingine hazikuonyeshi mistari miwili. Zinaweka mmoja tu, riba ikiwa imeshakatwa kodi. Hapo ungeona 9,986.30 peke yake, na ungejitesa siku nzima unatafuta hesabu inayotoa namba hiyo. Igawe kwanza kwa 0.9. Itakurudishia 11,095.89, na kuanzia hapo unaendelea kama kawaida.

Naomba sasa niseme kuhusu tarehe, kwa sababu hapa ndipo hesabu iliyo sahihi kabisa huonekana imekosewa. Stetimenti nyingi zina safu mbili za tarehe. Moja ni siku muamala ulipoandikwa. Nyingine, ambayo kwenye karatasi huitwa `Value Date`, ni siku ambayo fedha zinaanza kuhesabika kwa riba. Mkiweka kwa wakala Jumamosi jioni, fedha mtaziona kwenye simu palepale, lakini zinaweza kuanza kuhesabika siku ya kazi inayofuata. Kwa benki inayohesabu kila siku, kila siku iliyochelewa ina bei. Katika Juni yetu, zile 1,100,000 zikichelewa siku moja tu, kikundi kinakosa karibu shilingi 244, kwa sababu kinabaki siku moja zaidi kwenye asilimia 3. Si fedha ya kugombana. Lakini usipolijua hilo utakuta hesabu yako imekataa kwa shilingi 244 na utamlaumu mtu asiye na kosa. Hesabuni siku kwa safu ya `Value Date`.

Jambo lingine la tarehe ni siku riba yenyewe inapoingia. Riba ya Juni inaweza kuandikwa tarehe 30 Juni au tarehe 1 Julai. Nimeshuhudia wahazini wakija na stetimenti ya Juni wakilalamika hakuna riba, na ipo kwenye karatasi ya Julai, mstari wa kwanza. Ombeni stetimenti inayovuka mwezi kwa siku tano, mtaiona. Na kama masharti yenu yanasema riba inawekwa kila miezi mitatu, basi riba ya Julai msiisake mwisho wa Julai wala wa Agosti.

Sasa niwaambie kisa changu, maana si kila mara karatasi inakuwa sahihi.

Nilipokabidhiwa uhazini wa kikundi chetu, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuhakiki riba ya mwezi uliopita, Agosti. Benki sitaitaja. Madaraja yao yalifanana na haya tuliyotumia, na masharti yao yalikuwa ya salio la chini kabisa. Salio letu la chini mwezi ule lilikuwa shilingi 3,000,000 kamili. Kwa asilimia 3 na siku 31 nilitegemea 7,643.84 kabla ya kodi. Kwenye stetimenti kulikuwa na mstari mmoja tu: 4,586.30.

Nikaigawa kwa 0.9. Nikapata 5,095.89. Bado ni ndogo. Hapo sikuendelea kubahatisha njia, niliigeuza hesabu ili namba yenyewe iniambie imetoka wapi. Nikagawa 5,095.89 kwa siku 31, nikapata 164.38 kwa siku. Nikazidisha kwa 365, nikapata 60,000 kwa mwaka. Nikagawa 60,000 kwa salio la 3,000,000. Jibu: 0.02.

Asilimia 2. Tulikuwa na milioni tatu na tunalipwa riba ya mtu asiyefikisha milioni moja.

Hii ndiyo hesabu ninayotaka mwondoke nayo mkiwa mmeiandika: riba kabla ya kodi, gawa kwa siku za mwezi, zidisha kwa 365, gawa kwa salio. Itakupa kiwango ulichopewa kweli. Ikitoka 0.03 na ubao unasema asilimia 3, funga daftari, uko salama. Ikitoka 0.02 kamili, umewekwa daraja lisilo lako. Ikitoka namba isiyo na sura, mfano 0.0247, basi ama salio ulilotumia silo walilotumia wao, ama wanahesabu kwa vipande, ama kiwango kilibadilishwa katikati ya mwezi. Kwa hiyo usikimbilie kusema umepunjwa. Ile yangu ilitoka mbili kamili, na kosa la namna hiyo huwa lina sababu moja iliyo wazi.

Nilikwenda tawini. Sikwenda kaunta, nilikwenda kwa afisa wa huduma kwa wateja, na nilibeba vitu vitatu: stetimenti kuanzia siku ya kwanza ya Agosti hadi tarehe 5 Septemba, fomu ya masharti yenye aya ya riba nimeipigia mstari, na karatasi moja ya hesabu yangu. Sikumwambia "mmetuibia". Nilimwambia, "Naomba uniangalizie akaunti hii imefunguliwa kama bidhaa gani, maana kwa hesabu yangu inalipwa asilimia 2 na daraja letu ni asilimia 3."

Swali hilo la bidhaa ndilo lililofungua mlango. Kila akaunti ndani ya mfumo wa benki imefungwa kwenye bidhaa yake, na bidhaa ndiyo inayobeba jedwali la madaraja. Kijana yule alitazama kompyuta, akanyamaza, akaita msimamizi wake. Akaunti yetu ilikuwa imefunguliwa kama akiba ya kawaida, ambayo kwenye benki ile inalipa asilimia 2 kwa kila salio, haina madaraja. Akaunti ya vikundi ndiyo yenye madaraja. Siku ya kuifungua mtu alichagua mstari usio wake kwenye orodha. Fomu yetu ya karatasi ilikuwa sahihi, kompyuta ndiyo ilikuwa na kitu kingine. Hata nikisema nimefanya kazi hiyo miaka mingi, iliniuma, kwa sababu miezi saba ilikuwa imepita na hakuna aliyeangalia, sisi wenyewe tukiwemo.

Walinipa namba ya lalamiko na nikaiandika kwenye daftari la kikundi pamoja na tarehe. Akaunti ilihamishwa, na marekebisho ya miezi yote saba yakaingia kama mstari wa peke yake. Agosti peke yake ilikuwa imepungua 2,547.95 kabla ya kodi. Na mstari ule wa marekebisho nao niliuhakiki, mwezi kwa mwezi, kabla sijasaini kwamba limekwisha. Kama benki ingekataa au ingekaa kimya, hatua iliyobaki ni kupeleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania, ambako kuna dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki. Lakini watakuuliza kwanza kama ulianzia kwenye benki yako na una ushahidi gani, kwa hiyo ile namba ya lalamiko usiipoteze.

Kabla sijakaa, kuna mama pale nyuma ameuliza swali zuri, na nimemwahidi nitalijibu mbele ya wote. Ameuliza: ikiwa riba inafuata salio la chini kabisa, je, kikundi cha mwenzetu kingemkatalia yule mwanachama mkopo wake wa Juni ili salio lisishuke chini ya milioni 5?

Tuhesabu. Kama zile 700,000 zisingetoka, salio la chini la Juni lingekuwa 5,200,000, daraja la asilimia 4, na riba ingekuwa 17,095.89. Walipata 11,095.89. Mkopo ule umewapunguzia shilingi 6,000 kamili, na baada ya kodi ni 5,400. Sasa kikundi chao kinatoza asilimia 5 kwa mwezi kwa mkopo. Shilingi 700,000 kwa asilimia 5 ni 35,000, na zinarudi kwenye mgao wao wenyewe. Kwa hiyo hapana, mama, mkopo ule walifanya vyema kuutoa, na mwezi ujao wakiombwa tena watoe.

Wanachoweza kukipanga ni siku. Wakiombwa mkopo tarehe 30 Juni na mwanachama anaweza kusubiri hadi kesho yake, watoe tarehe 1 Julai. Fedha zikitoka tarehe 30, siku ile moja inashusha salio la chini la Juni nzima, na kwa kuwa Julai inaanza na salio hilohilo lililoshuka, Julai nayo imeguswa. Zikitoka tarehe 1, Juni imebaki na riba yake kamili na ni Julai pekee iliyopungua. Mwanachama atakuwa amechelewa usiku mmoja. Lakini kama ana mgonjwa hospitali, mpeni usiku huohuo, na kwenye daftari andikeni kwamba riba ya mwezi huu itapungua na sababu yake ni hiyo, ili mhazini ajaye asije akaona namba ndogo akaandika kwa kalamu nyekundu.